Bajeti ya ruzuku ndogo kati ya shirika kiongozi na mshirika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya tumeyaandika sisi wa shirika kiongozi, yaani lile lenye mkataba mkuu na mfadhili, kwa ajili ya wahasibu, waratibu wa miradi na wakurugenzi wa mashirika yanayopokea ruzuku ndogo kupitia shirika kiongozi, hasa yale yanayofanya kazi Mbeya, Iringa, Njombe na wilaya za jirani. Viwango na tarehe vinatofautiana kati ya mkataba na mkataba, kwa hiyo soma wako kwanza. Namna ya kukokotoa, hata hivyo, haibadiliki sana, na sehemu kubwa ya fedha zinazokataliwa na wakaguzi hutokana na hesabu iliyofanywa kwa msingi usio sahihi, wala si wizi.

Mnatumia mfano gani kwenye majibu haya?

Chukua shirika lenye ofisi Tukuyu, linalofanya kazi na vikundi vya wakulima wa viazi mviringo kwenye miteremko ya Mlima Rungwe. Shirika kiongozi liko Mbeya mjini. Mkataba wa ruzuku ndogo unaanza tarehe 1 Julai 2025 na kuisha 30 Juni 2026. Bajeti ina vifungu vinne vya gharama za moja kwa moja: Watumishi 36,000,000, Safari 20,000,000, Vifaa 8,000,000 na Shughuli 36,000,000. Jumla yake ni shilingi 100,000,000. Juu yake kuna gharama za jumla za uendeshaji kwa kiwango cha 7%, yaani 7,000,000. Ruzuku nzima ni shilingi 107,000,000.

Ndani ya kila kifungu kuna kasma. Kifungu cha Safari, kwa mfano, kina kasma ya mafuta ya pikipiki, ya nauli, ya posho za kulala nje na ya kukodi gari.

Mkataba una ukomo wa aina ngapi?

Kuna ukomo wa ruzuku nzima. Hapa ni 107,000,000, na hata kazi ikizidi kiasi gani, shirika kiongozi halidaiwi shilingi moja zaidi. Kuna ukomo wa kila kifungu, ambao unaweza kusogea kwa masharti tutakayoyaeleza chini. Kuna pia ukomo wa kiwango: posho ya siku, mshahara wa mwezi, gharama ya mshiriki mmoja wa mafunzo kwa siku. Huu wa tatu ndio unaosahaulika. Kifungu kinaweza kuwa na bakaa ya kutosha kabisa, lakini ukilipa posho kwa kiwango kilicho juu ya kile cha kwenye bajeti, tofauti hiyo inakataliwa kwa kila siku uliyolipa.

Gharama za jumla zina kanuni yake. Zile 7% zinahesabiwa kwa gharama za moja kwa moja zilizotumika na kukubaliwa, wala si kwa zilizopangwa. Ukimaliza mradi umetumia 91,400,000 badala ya 100,000,000, haki yako ni 6,398,000. Ukiwa umeshajichukulia zote 7,000,000, utarudisha 602,000. Ndiyo maana tunashauri mhasibu ajichukulie gharama za jumla kila robo mwaka kulingana na matumizi halisi ya robo hiyo, asichukue mgao sawa wa kila mwezi.

Je, tunaweza kuhamisha fedha kati ya kasma zilizo ndani ya kifungu kimoja?

Ndiyo, bila kuomba ruhusa, mradi kiwango hakibadiliki na shughuli yenyewe haifutwi. Nauli ikibaki, ipeleke kwenye mafuta ya pikipiki na uandike sababu kwenye taarifa ya robo mwaka. Kuanzisha kasma mpya isiyokuwepo kwenye bajeti ni jambo jingine. Hilo linahitaji kibali cha maandishi hata kama kiasi ni kidogo.

Na kati ya kifungu na kifungu?

Kwenye mkataba wa mfano wetu, kila kifungu kinaweza kuongezeka au kupungua hadi 10% ya kiasi chake cha awali bila kuomba ruhusa. Mshirika anatoa taarifa tu. Kikivuka hapo, kibali cha maandishi cha shirika kiongozi kinatakiwa kabla ya fedha kutumika. Vifungu viwili haviguswi kabisa bila kibali, hata kwa 1%: Watumishi na gharama za jumla.

Mambo matatu kwenye kanuni hii ndiyo yanayoleta matatizo. "Kila kifungu" maana yake unapima kinachotoa na kinachopokea, vyote viwili. "Cha awali" maana yake ni kiasi kilichosainiwa kwenye mkataba, si kilichobaki baada ya uhamisho uliopita. Na hesabu ni ya jumla tangu mradi uanze, si ya kila uhamisho peke yake.

Tulihamisha 3,200,000 tu kati ya 107,000,000. Hiyo ni 3%. Kwa nini tunaambiwa tumevuka?

Kwa sababu kinachopimwa ni kifungu, si ruzuku nzima. Tuifanye hesabu yote, maana swali hili linakuja kila mwaka mvua zikishika.

Ni Februari. Barabara za kupanda vijijini zimekuwa tope, pikipiki hazifiki na shirika la Tukuyu linahitaji kukodi gari la magurudumu manne hadi Aprili. Gharama ya ziada ni 3,200,000. Mhasibu anaona mizani ya kupimia viazi ilinunuliwa kwa bei nafuu, hivyo Vifaa vina bakaa ya 1,500,000. Mafunzo mawili yaliunganishwa, hivyo Shughuli zina bakaa ya 1,700,000. Fedha zipo, na sababu ni ya haki.

Lakini Septemba shirika hilohilo lilishahamisha 900,000 kutoka Shughuli kwenda Safari, ndani ya ruhusa yake. Sasa jumlisha:

Safari: 900,000 + 3,200,000 = 4,100,000, sawa na 20.5% ya 20,000,000. Imevuka.

Vifaa: pungufu ya 1,500,000, sawa na 18.75% ya 8,000,000. Imevuka.

Shughuli: pungufu ya 900,000 + 1,700,000 = 2,600,000, sawa na 7.2% ya 36,000,000. Haijavuka.

Vifungu viwili kati ya vitatu vimepita 10%, kwa hiyo kibali kinatakiwa. Angalia pia jinsi kifungu kidogo kinavyovuka haraka. Shilingi 1,500,000 ingekuwa kama 4% tu kama ingetoka yote kwenye Shughuli. Kwenye Vifaa inakaribia 19%.

Gari linahitajika wiki hii. Tufanye nini wakati tunasubiri kibali?

Tumia nafasi uliyo nayo. Ukomo wa kuongeza Safari bila kibali ni 2,000,000. Ulishatumia 900,000, hivyo umebakiwa na 1,100,000. Vifaa vinaweza kutoa 800,000 bila kuvuka, na 300,000 iliyobaki itoke Shughuli. Kodi gari kwa kiasi hicho leo, na siku hiyohiyo tuma ombi la 2,100,000 zilizobaki: 700,000 kutoka Vifaa na 1,400,000 kutoka Shughuli. Andika mkataba wa kukodi gari kwa wiki chache, wenye kipengele cha kuongeza muda. Usisaini wa miezi mitatu kabla kibali hakijafika.

Ikiwa tulishatumia kabla ya kibali, inakuwaje?

Kinachozidi kinakataliwa. Kwenye mfano huu, Safari inatambuliwa hadi 22,000,000. Ukiwa umetumia 24,100,000, basi 2,100,000 inabaki mzigo wa shirika lako, pamoja na 147,000 ya gharama za jumla zilizohesabiwa juu yake. Kibali kinachotolewa baadaye kwa tarehe ya nyuma hakisaidii. Mkaguzi anaangalia tarehe ya barua na tarehe ya hati ya malipo, na la pili likitangulia la kwanza, mjadala umeisha. Tafadhali usituombe turudishe tarehe nyuma. Tutakataa, na kukataa huko kunawalinda ninyi pia.

Mfadhili anaruhusu 25%. Kwa nini shirika kiongozi linatubana kwa 10%?

Ni swali la haki. Masharti ya jumla ya mikataba ya ruzuku ya Umoja wa Ulaya kwa miradi ya nje, kwa mfano, yanaruhusu kifungu kikuu kubadilika hadi 25% ya kiasi chake bila nyongeza ya mkataba, isipokuwa gharama za jumla na akiba ya dharura. Lakini asilimia hiyo inapimwa kwenye bajeti nzima ya mkataba mkuu, ambayo inajumuisha washirika wote pamoja na shirika kiongozi lenyewe.

Hapo ndipo faida yako ilipo. Tuseme kifungu cha Safari kwenye mkataba mkuu ni 80,000,000: washirika watatu wenye 20,000,000 kila mmoja, na shirika kiongozi 20,000,000. Mshirika mmoja akihitaji 8,000,000 zaidi, kwake ni 40%. Kwenye mkataba mkuu ni 10% tu. Shirika kiongozi linaweza kukubali bila kwenda kwa mfadhili, mradi linajua wengine wamesogeza kiasi gani. Kile kiwango cha 10% ni mahali ambapo mshirika anatakiwa abishe hodi, na ombi la haki linalokuja mapema kwa kawaida linapita.

Ombi likionekana kuvusha 25% kwenye kifungu cha mkataba mkuu, basi inabidi nyongeza ya mkataba na mfadhili. Kwa mikataba ya Umoja wa Ulaya ombi hilo hupelekwa siku 30 kabla ya siku mabadiliko yanapotakiwa kuanza. Ndiyo maana kwa mradi unaoisha 30 Juni tunaweka 20 Aprili kama siku ya mwisho ya kupokea maombi makubwa: siku 10 za kwetu, siku 30 za mfadhili, na mwezi wa Juni ubaki wa kutumia fedha zenyewe.

Ombi liandikweje ili lisirudishwe?

Barua ya ukurasa mmoja na jedwali moja. Barua iseme nini kimebadilika uwanjani, shughuli gani inapata fedha, shughuli gani inatoa na kwa nini haitaathirika. Maelezo ya mwisho ndiyo yanayokosekana mara nyingi. "Vifaa vina bakaa" haitoshi. Andika kwamba mizani yote 12 imenunuliwa na kugawiwa, na kwamba bakaa imetokana na bei. Kama bakaa imetokana na kutonunua, sema hivyo, kwa sababu hapo tutauliza wakulima watapimia nini.

Jedwali liwe na safu za: kifungu, bajeti ya awali, mabadiliko yaliyokwishafanyika, mabadiliko yanayoombwa, bajeti mpya, na asilimia ya jumla. Ikiwa bajeti ya awali iko safu C, mabadiliko ya nyuma D na yanayoombwa E, asilimia inapatikana hivi:

```
=ABS(D5+E5)/C5
```

Weka alama ya kutoa kwenye kiasi kinachopungua. Ukiweka namba zote bila alama, kifungu kilichopokea Septemba na kutoa Februari kitaonekana kimesogea mara mbili wakati kimerudi karibu na kilipoanzia. Jumla ya safu E lazima iwe sifuri. Isipokuwa sifuri, umeongeza au umepunguza ruzuku bila kujua.

Barua isainiwe na mkurugenzi au mtu aliyetajwa kwenye mkataba. Ujumbe wa simu kati ya mhasibu na mhasibu si ombi, na ukimya wetu si kibali. Tunajibu ndani ya siku 10 za kazi.

Baada ya kibali, asilimia zinaanza kuhesabiwa upya?

Hapana. Barua ya kibali inaruhusu uhamisho huo mmoja tu. Msingi wa hesabu unabadilika pale tu nyongeza ya mkataba yenye bajeti mpya inaposainiwa na pande zote mbili.

Mtumishi aliacha kazi Oktoba na nafasi ilikaa wazi miezi miwili. Ile akiba ya mshahara ni yetu?

Ni ya mradi. Kifungu cha Watumishi kimefungwa kwa sababu mshahara unalipia muda wa mtu fulani kwenye kazi fulani. Muda huo usipokuwepo, gharama haipo. Unaweza kuomba akiba hiyo iende kwenye shughuli, lakini usiigawe kama nyongeza kwa mtumishi aliyebaki, hata kama kweli alibeba kazi ya wawili. Kama alikaimu, omba kibali cha posho ya kukaimu mwezi uleule alipoanza.

Taarifa za fedha zinatakiwa lini?

Tarehe 10 ya mwezi unaofuata robo mwaka: 10 Oktoba, 10 Januari, 10 Aprili na 10 Julai. Shirika kiongozi linahitaji siku zilizobaki hadi mwisho wa mwezi kukagua, kurudisha maswali, kuunganisha taarifa za washirika wote na kupeleka kwa mfadhili. Mshirika mmoja akichelewa, wote wanasubiri, na awamu ya fedha inachelewa kwa wote.

Kalenda ya mwaka huu wa mradi ina mitego miwili. Tarehe 10 Januari 2026 ni Jumamosi, na Jumatatu ya tarehe 12 ni Sikukuu ya Mapinduzi. Taarifa ifike Ijumaa tarehe 9. Aprili ni ngumu zaidi: Ijumaa Kuu ni tarehe 3, Jumatatu ya Pasaka tarehe 6 na Siku ya Karume tarehe 7. Kati ya tarehe 1 na 10 unabakiwa na siku tano za kazi. Funga vitabu vya Machi kwa kuanza mapema: masurufu yote, yaani fedha walizokabidhiwa watumishi kwa ajili ya shughuli, yarejeshwe ifikapo tarehe 25 Machi, na taarifa ya benki iombwe tarehe 1 Aprili asubuhi.

Taarifa ya robo mwaka inaambatana na nini?

Jedwali la bajeti na matumizi, orodha ya malipo yote kwa mpangilio wa tarehe, taarifa ya benki, usuluhishi wa benki uliosainiwa na watu wawili, orodha ya masurufu ambayo hayajarejeshwa, na jedwali la uhamisho hata kama hukuhamisha kitu. Risiti halisi zinabaki kwenu. Tunaomba nakala za malipo tutakayoyachagua.

Kwa nini awamu ya pili imezuiwa wakati fedha zimeisha benki?

Kwa sababu fedha kutoka benki na fedha kutumika ni vitu viwili. Awamu ya kwanza kwenye mfano ni 30% ya ruzuku, yaani 32,100,000. Awamu ya pili inatolewa matumizi yakifikia 70% ya hiyo, yaani 22,470,000. Shirika linaweza kuwa na 2,000,000 tu benki na bado likawa halijafika, kama 9,000,000 ziko mikononi mwa watumishi kama masurufu. Masurufu ni deni la mtumishi kwa shirika hadi atakapoleta risiti, orodha ya mahudhurio na bakaa. Oda iliyotolewa kwa muuzaji ambaye hajaleta mzigo nayo si matumizi. Tunapendekeza masurufu yarejeshwe ndani ya siku 7 baada ya shughuli, na asiyerejesha asipewe mengine.

Mhasibu wetu aliandika kodi ya gari kwenye kasma ya mafunzo kwa sababu ndiyo ilikuwa na bakaa. Kuna ubaya?

Upo, na ni mkubwa kuliko kuvuka 10%. Kuhamisha fedha ni kubadili bajeti kwa uwazi. Kuhamisha gharama ni kuandika kitu ambacho hakikutokea. Kuvuka kunaleta barua ya kukataliwa kiasi fulani. Gharama iliyoandikwa mahali pasipo pake inamfanya mkaguzi afungue hati zote.

Na inaonekana kirahisi. Hati ya malipo inasema mafunzo ya tarehe 18 Februari, lakini hakuna orodha ya mahudhurio ya siku hiyo. Daftari la safari la gari linaonyesha kilomita za siku tatu mfululizo wakati mafunzo yanadaiwa kuwa ya siku moja. Taarifa ya shughuli inataja mafunzo sita, ya fedha imelipia manane. Dalili nyingine tunayoiona tukiwa ofisini ni kasma nyingi kufikia 100% kamili. Kazi ya kweli ya vijijini huacha mabaki, shilingi 43,500 hapa, 210,000 kule. Bajeti iliyotumika kwa usahihi huo mkubwa mno hutufanya tuombe hati.

Kama imeshatokea, sahihisha kwa hati ya marekebisho yenye maelezo na saini mbili kabla ya taarifa ya robo hiyo kutumwa. Ikiwa imeshatumwa, tuandikie. Tutarekebisha kwenye taarifa inayofuata.

Gharama za Juni zinazolipwa Julai zinakubalika?

Zinakubalika kama huduma ilitolewa au deni lilizaliwa kabla ya 30 Juni kwisha. Kodi ya mishahara na michango ya NSSF ya Juni hulipwa Julai, na inakubalika. Mafuta yaliyonunuliwa 2 Julai hayakubaliki, hata kama fedha zilitengwa Mei. Orodhesha madeni ya Juni kwenye karatasi tofauti, kila moja na jina la anayedai, kazi aliyofanya na tarehe aliyoifanya.

Mkataba mkuu uko kwenye yuro. Thamani ikibadilika, nani anaumia?

Ruzuku ndogo ikiandikwa kwa shilingi, hasara na faida ya ubadilishaji ni ya shirika kiongozi. Ikiandikwa kwa yuro, ni yako. Angalia hili kabla ya kusaini, na kama huna akaunti ya fedha za kigeni omba iwe shilingi.

Bakaa ya mwisho tunaifanyaje?

Inarudishwa kwenye akaunti ya shirika kiongozi pamoja na riba iliyopatikana, kwa hawala moja ya benki yenye namba ya mkataba kwenye maelezo. Isibebwe kwenda mradi mwingine hata kwa wiki moja. Rudisha baada ya taarifa ya mwisho kukubaliwa, si kabla, kwa sababu tukikataa gharama fulani kiasi cha kurudisha kitaongezeka, na tukikubali madeni ya Juni kitapungua.

Mhasibu mpya ameingia katikati ya mradi. Aanze na nini?

Achukue bajeti iliyosainiwa, barua zote za kibali na jedwali la uhamisho, kisha ahesabu upya asilimia za kila kifungu tangu 1 Julai kabla hajaidhinisha malipo yoyote ya Safari au Vifaa. Halafu apige simu kwa mhasibu wa shirika kiongozi walinganishe namba. Zikitofautiana, zirekebishwe wiki hiyo, hati zikiwa bado ziko kwenye faili la mtangulizi wake na mtangulizi mwenyewe bado anapatikana kwa simu.